Kodi nne, maneno ya korosho, na pigo la kwanza

Wanakwaya wangu wa hapa Masasi wakianza kutunga hukwama palepale: kodi wanazo, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja kwenye kinanda, maneno wanayo, melodi haiji. Huwa nawaambia wasitafute melodi nzima. Watafute nota za pigo la kwanza na la tatu tu, mengine yatafuata.

Katika kipimo cha mapigo manne, pigo la kwanza ndilo zito kuliko yote, la tatu linalifuata, na la pili na la nne ni mepesi. Hapo kwenye mazito ndipo sikio linapopima kama sauti na kinanda vimepatana. Ukiimba hapo nota mojawapo iliyomo ndani ya kodi, umeshapata mapatano. Kwenye mapigo mepesi una uhuru zaidi, mradi nota ngeni iwe inapita tu kwenda kwa jirani yake.

Tuchukue C, Am, F na G, kila kodi kipimo kimoja. Do yetu ni C. Kodi ya C ina do, mi, so. Am ina la, do, mi. F ina fa, la, do. G ina so, ti, re. Maneno yawe haya, maana msimu wake kila mtu wa huku anaujua: «Korosho zimeiva, twende tuokote.»

Kabla ya kugusa nota, yatamke maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ko-RO-sho, zime-I-va, TWE-nde, tuo-KO-te. Silabi hizo ndizo zinazostahili mapigo mazito. Kwa hiyo «ko» haianzi kwenye pigo la kwanza. Inatangulia, kwenye pigo la nne kabla kipimo hakijaanza, ili «ro» iangukie la kwanza. Ukiianzisha «ko» kwenye la kwanza utasikia KO-ro-sho, na hata nota ziwe sahihi kiasi gani, wimbo utasikika kama umetungwa na mgeni.

Sasa weka mifupa, yaani pigo la kwanza na la tatu peke yake. Mimi nimechagua mi na so juu ya C, mi na do juu ya Am, fa na la juu ya F, re na ti ya chini juu ya G. Shika kodi kwa mkono wa kushoto, imba hizo nane tu, polepole. Zikisimama zenyewe bila kukwaruza, endelea. Zisiposimama, usijidanganye kwamba nota za katikati zitaziokoa.

Nyama zake ni hizi:

C: RO mi, sho fa, zi so, me fa
Am: I mi (mapigo mawili), va do (mawili)
F: TWE fa, nde so, tu la, o fa
G: KO re (mawili), te ti ya chini (moja)

Ile «ko» ya mwanzo ni so ya chini, nayo ndiyo inayojaza pigo la nne la G mkirudia. Tazama fa mbili za kipimo cha kwanza. Fa haimo kwenye C, lakini ya kwanza inatoka mi kwenda so, ya pili inatoka so kushuka mi, kwa hiyo haiumizi. Fa ya mwisho juu ya F inaruka hadi re bila kupita mi, na inaruhusiwa kwa sababu yenyewe ni nota ya kodi. Nota ya kupita haipaswi kuruka hivyo.

Jaribu kuiweka fa kwenye «RO». Utasikia msuguano mara moja: iko nusu hatua juu ya mi, na mi inalia ndani ya kodi. Ikishuka haraka kwenye mi pigo linalofuata, msuguano huo unageuka kuwa utamu, na watunzi huufanya kwa makusudi. Ikikaa, kila mtu atadhani mpiga kinanda amekosea. Urefu nao una uzito wake: nota ngeni ikianzia pigo jepesi kisha ikavutwa hadi lile zito, ihesabu kama imewekwa kwenye zito.

Mkimaliza wimbo msiishie ti, maana inaning'inia. Ongezeni kipimo kimoja cha C, «te» ivuke kutoka ti kwenda do na ikae hapo. Kama soprano zinapotea kwenye so ya chini, msibadilishe melodi. Pandisheni ufunguo hadi D, gitaa lipige D, Bm, G na A, na solfa yote ibaki ilivyo ubaoni.