Si kila jasho la usiku ni joto au jinamizi

"Mama anachoma insulini. Usiku analoa jasho na kuweweseka. Si jinamizi tu, au joto la Dar?"

Gusa shuka. Joto la Dar humtoa jasho kila aliyemo chumbani. Insulini ikishusha mno sukari ya damu, analowa yeye peke yake, jasho la baridi, hata feni ikizunguka. Ndoto za kutisha na kuamka kichwa kikiuma huweza pia kuwa dalili ya sukari kushuka. Jirani yangu Mbagala alikula kidogo jioni, akachoma dozi ile ile. Saa tisa usiku binti yake alimpima: 2.9 mmol/L. Chini ya 4 imeshuka.

Kama anameza vizuri, mpe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, upime tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua usimtie kitu mdomoni; mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Akipima 5 kabla ya kulala, ale mkate na siagi ya karanga, au anywe maziwa. Soda (ndiyo wengi huikimbilia) hupandisha sukari upesi, lakini haifiki alfajiri. Hali ikijirudia, pelekeni vipimo kliniki. Huenda dozi ya jioni imezidi.