Mshumaa wa kijani na bei iliyoshuka

Kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mombasa, skrinshoti ya chati ya hisa haikosi mtu wa kuandika chini yake: "Imepanda hiyo, nunueni!" Tuchukue picha moja ya mfano, hisa ya Soko la Nairobi, mshumaa mmoja kwa siku, yaani kisanduku chenye rangi kinachoonyesha bei zilivyokwenda siku hiyo, iliyopigwa saa nne na nusu asubuhi. Jana bei ilifunga shilingi 20.90. Leo imefungua 20.00, ikagusa 19.60 chini na 20.80 juu, na sasa iko 20.50. Mshumaa ni wa kijani.

Dhana: Kijani ni kwamba hisa imepanda.

Programu nyingi hulinganisha bei ya sasa na bei ya kufungua ya leo. Imetoka 20.00 ikafika 20.50, basi kijani. Lakini ukiilinganisha na jana, imeshuka senti 40. Aliyeinunua jana kwa bei ya kufunga ana hasara, rangi iwe itakavyokuwa. Na soko hufungwa saa tisa alasiri, kwa hiyo mshumaa huu haujakamilika. Ukishuka chini ya 20.00 utageuka mwekundu, nao utambi wa juu, ule mstari mwembamba unaotokeza juu ya mshumaa, utabaki kuonyesha kwamba 20.80 iliwahi kufikiwa.

Dhana: Nguzo ya kijani chini ya chati ni wanunuzi watupu.

Nguzo hizo za Volume huhesabu hisa zilizobadilisha mikono. Zikiuzwa 12,000, zimenunuliwa 12,000 zizo hizo. Rangi mara nyingi imeigwa tu kwenye mshumaa. Usiseme pia kwamba leo soko limepoa kwa kuwa nguzo ni fupi kuliko ya jana. Ya jana ni ya siku nzima.

Dhana: Bei iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa juu ya chati ndiyo nitakayolipa.

Hapa ndipo pesa za mgeni hupotea, na ndipo ningependa utazame kwanza. Ile 20.50 ni bei ya biashara ya mwisho, imeshapita. Bid ni bei ya juu kabisa ambayo mnunuzi yuko tayari kutoa, tuseme 20.30. Ask ni ya chini kabisa anayokubali muuzaji, tuseme 20.70, na hapo pana hisa 150 tu. Wanaofuata wanataka 20.95.

Sasa wewe unataka hisa 500, ukatuma oda ya bei ya soko, yaani ya kununua papo hapo kwa bei yoyote wanayotaka wauzaji. Utapata 150 kwa 20.70 na 350 kwa 20.95, jumla shilingi 10,437.50. Kichwani ulipiga hesabu ya 10,250. Tofauti ni shilingi 187.50, kabla ya ada ya dalali. Ukibadili nia hapo hapo, wa kununua anakupa 20.30.

Kwa hisa isiyo na wateja wengi, weka oda yenye kikomo cha bei, ukitaja kwa mfano 20.70. Utapata zile 150, na 350 zilizobaki zitasubiri muuzaji. Huenda soko likafungwa hujazipata.