Barua ya kuomba kulipa kodi kwa awamu: yanayosemwa na ukweli wake

“Eleza shida yako vizuri, watakuelewa.”

Barua nyingi za wafanyabiashara wa Tanga zinakwama hapa. Aya tatu za shida, halafu “naomba nipunguziwe makali.” Ofisa wa Mamlaka ya Mapato anayeisoma anatafuta mambo mengine: ni kodi gani, ya mwaka gani, ni kiasi gani, kwa nini fedha haipo sasa, na itatoka wapi, lini.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani. Anadaiwa 9,600,000 za kodi ya mapato, na mwisho wa kulipa ni Juni 30. Mteja wake mkubwa, mkandarasi, hajamlipa 6,000,000 na ameahidi kwa maandishi kulipa mwisho wa Agosti. Hiyo ndiyo sababu, na ushahidi wake ni ankara, barua ya mkandarasi na taarifa ya benki. Anaviambatanisha vyote.

“Gawanya deni sawasawa, ndiyo inapendeza.”

Inapendeza kwenye karatasi tu. Akishatoa gharama na kutenga kodi za mwaka huu, dukani kunabaki kama 900,000 kwa mwezi. Akilipa 2,000,000 mwanzoni, zinabaki 7,600,000. Kwa miezi mitano sawasawa ni 1,520,000 kila mwezi, kwa hiyo anashindwa Julai ileile. Ratiba ya kweli inafuata fedha inavyoingia:

Juni 2,000,000, Julai 700,000, Agosti 700,000, Septemba 4,800,000, mkandarasi akishalipa, Oktoba 700,000, Novemba 700,000. Jumla 9,600,000.

Zile 200,000 anazobakiza kwa mwezi si za anasa. Ni za riba, na pia za mwezi ambao mauzo yatalegea. Kukosa awamu moja ni hatari, kwani salio lote linaweza kudaiwa kwa mkupuo, na Mamlaka ina uwezo wa kisheria wa kuifuata fedha yako hata benki. Ukiona awamu ijayo itakushinda, andika kabla tarehe haijafika.

“Wakikubali, riba inasimama.”

Haisimami. Kibali kinakupa nafasi ya kulipa taratibu, lakini riba inahesabiwa tangu tarehe ya awali ya kulipa, juu ya salio lililobaki. Ndiyo maana ile 2,000,000 ya mwanzo ina uzito: inapunguza salio mapema, na inamwonyesha ofisa kwamba umeshaanza kulipa.

“Subiri wakuandikie, ndipo uombe.”

Ombi hupelekwa kwa maandishi kabla ya tarehe ya kulipa. Mwandikie Meneja wa Mkoa, weka namba yako ya mlipakodi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kukaa kimya kwa ofisi si kukubaliwa, kwa hiyo fuatilia upate jibu la maandishi.

Na ritani iwasilishwe kwa wakati wake hata kama huna shilingi. Kuomba muda wa kulipa hakusogezi tarehe ya ritani, na ikichelewa ina adhabu yake.