Barua ya kumnyima rafiki daftari si hotuba ya mgeni rasmi

Nafundisha Kiswahili sekondari, na kuna swali la insha ambalo kila likitoka najua nitakachosoma kabla sijafungua karatasi ya kwanza. Rafiki yako anataka kunakili kazi yako ya nyumbani. Mwandikie barua umkatalie bila kumvunja moyo. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya walimu wenzangu, wanaamini kwamba upole wa barua hii unakaa kwenye salamu na uthabiti wake unakaa kwenye mawaidha. Basi inakuja nusu ukurasa ya "ni matumaini yangu kuwa u buheri wa afya", kisha ukurasa mzima wa madhara ya udanganyifu kwa taifa, kisha wasalaam. Nimechoka nayo. Barua ya namna hiyo haina upole wala uthabiti, na mara nyingi haijakataa kitu.

Muundo naupita haraka kwa sababu uko kwenye kila kitabu: anwani moja juu kulia, tarehe chini yake, Mpendwa fulani, mwili wa barua, halafu Rafiki yako na jina. Ukiweka anwani mbili na kichwa cha YAH, umeandika barua rasmi na alama za muundo zimekwenda.

Ninapotaka tukae ni kwenye sentensi ya kukataa. Itafute katika barua hizo uone kama utaipata. Utakuta "haifai kunakili kazi za wenzetu". Hiyo ni kanuni ya shule; haisemi wewe utafanya nini kesho asubuhi rafiki atakapokusubiri getini. Utakuta "nisingependa kufanya hivyo", na rafiki ataelewa kwamba akibembeleza kidogo utapenda. Inayonisumbua zaidi ni "siwezi kukupa", maana inaonekana thabiti. Anayeambiwa huwezi anakutafutia namna ya kuweza. Atasema atalirudisha kabla ya kengele. Atasema atabadilisha mwandiko na kukosea makusudi mawili matatu ili mwalimu asigundue. Kila kisingizio chako atakiondoa, na mwisho utabaki huna la kusema, daftari liko mkononi mwake.

Mwanafunzi aandike "sitakupa". Ni uamuzi wake, haungoji hali ya hewa. Najua wanaikwepa kwa sababu inasikika kali, lakini ukali huo unalainishwa na sentensi zinazoifuata. Na ikae mapema, mara tu baada ya salamu fupi. Aliyeomba daftari anasoma barua akitafuta jibu moja tu, na kumzungusha kurasa mbili ndipo umnyime ni kumtesa.

Halafu methali. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini" naikuta karibu kila mara. Hebu jiweke mahali pa rafiki: umeomba msaada, unajibiwa kwamba utakufa maskini. Naye methali anazo. Atakurudishia "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", na barua yako imegeuka mashindano. Wapo wasahihishaji wanaozipa methali alama, nakiri, na sina hakika kama nawatendea haki wanafunzi wangu ninapowaambia waziache hapa. Bado nawaambia waziache.

Huu ndio mfano ninaowaandikia ubaoni, bila anwani na tarehe:

Mpendwa Zuhura,

Salamu. Ujumbe wako wa jana nimeupata. Daftari langu la hisabati sitakupa udese, leo wala siku nyingine. Nimeona nikuambie mapema ili usinisubiri asubuhi.

Pole na kumuuguza bibi. Najua ndiyo maana kipindi cha mabano kilikupita. Lakini ukiandika majibu yangu, Jumatano kwenye jaribio utakuwa palepale ulipo leo, na siku hiyo sitakuwa na namna ya kukusaidia.

Tazama hii, haimo kwenye zile za mwalimu: x² − 5x + 6 = 0. Tafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 6, na ukizijumlisha unapata −5. Ni −2 na −3. Kwa hiyo (x − 2)(x − 3) = 0, na x ni 2 au 3. Sasa jaribu ile ya kwanza ya mwalimu, x² − 7x + 12 = 0. Njia ni ileile. Kesho nitakuwa darasani mapema, saa kumi na mbili na nusu. Njoo na ulichoandika hata kama kimekosewa, tukiangalie pamoja.

Msalimie bibi.

Rafiki yako,
Amina

Amina hakuomba samahani hata mara moja. Pole ya bibi ni kitu kingine. Wanafunzi huandika "samahani sana" mara tatu wakidhani ndio upole, lakini anayeomba samahani anakiri kwamba ana kosa, na rafiki atadai fidia. Pia hakumwita Zuhura mvivu. Alitaja sababu anayoijua, kwamba kipindi kilimpita, na sababu hiyo ndiyo iliyomwonyesha aina ya msaada unaohitajika.

Sasa angalia hesabu aliyoichagua. Angefanya ile ya x² − 7x + 12 yenyewe, angekuwa amemnyima daftari na kumpa jibu kwa barua. Kosa hili nalikuta hata kwa wanafunzi wazuri: wanakataa aya ya pili, wanasalimisha aya ya tatu. Hesabu ya Amina ina namba nyingine, kwa hiyo Zuhura lazima atafute mwenyewe namba mbili zinazozaa 12 na zenye jumla ya −7. Akipata −3 na −4 ameelewa. Akiandika 3 na 4, jumla yake ni 7, tena chanya, na Amina ataona asubuhi kwamba tatizo liko kwenye alama za kutoa wala haliko kwenye mabano. Daftari lililonakiliwa lisingemwonyesha hilo.

Msaada unaoahidiwa nao uwe na saa na mahali. "Siku moja tusome pamoja" haimsaidii mtu mwenye kazi ya kukusanya kesho.

Kuna jambo ambalo vitabu vya insha vinalificha. Vinachukulia kwamba anayenyimwa daftari atapoteza alama tu. Shule nyingine asiyekusanya kazi anachapwa kwanza, anaulizwa baadaye. Zuhura wa shule hiyo anaomba daftari ili asichapwe, na somo la mabano haliponyi hofu hiyo kwa usiku mmoja. Hapo ningemshauri Amina aongeze sentensi moja, kwamba atakwenda naye kwa mwalimu kabla ya kipindi kumweleza habari za bibi. Kama mwalimu hasikilizi, sijapata sentensi inayotosha, na sitajifanya ninayo.

Wanafunzi huniuliza pia: akiomba tena je? Wengi hapo huandika barua ndefu kuliko ya kwanza, wakirudia sababu zote kwa sauti ya juu. Barua ya pili iwe fupi. "Zuhura, jibu langu ni lile la juzi. Hesabu ya pili umeifikisha wapi? Niletee niione."