Hita ya papo kwa papo: kwa nini maji yanakuwa baridi ukifungua koki kidogo

Malalamiko kuhusu hita za bafuni yameongezeka, na mengi yanafanana: "Nikifungua koki kidogo maji yanatoka baridi, nimeuziwa feki." Tunaomba wananchi wapime kwanza mtiririko wa maji kabla ya kwenda kugombana dukani. Mara nyingi hita hiyo ni nzima.

Ndani yake kuna swichi inayosubiri mtiririko ufikie kiwango fulani, kwa hita nyingi kati ya lita 1.5 na 2.5 kwa dakika. Chini ya hapo koili haipati umeme. Kiwango cha hita yako kimo kwenye kile kijitabu kinachotupwa pamoja na boksi.

Chukua hita ya kilowati 5, na maji ya simtanki ya juu ya paa yenye nyuzi 28. Yakipita lita 4 kwa dakika, yanatoka na nyuzi 46 hivi. Yakipita lita 2 yanafika 64, na hayo yanaunguza ngozi. Lita 1 ingechemka humohumo ndani. Koili inatoa joto lilelile hata ukibana koki, kwa hiyo maji yakiwa moto mno acha koki wazi na ushushe kitufe cha joto. Ukibana, maji yanazidi kuwaka, kisha ghafla yanakuwa baridi.

Kuna nyumba moja Tabata ambako hita haikuwaka hata koki ikiwa wazi yote. Chupa ya lita moja ilijaa kwa sekunde 45, yaani lita 1.3 tu kwa dakika. Kichwa cha shawa kilipotolewa, ilijaa kwa sekunde 20, sawa na lita 3, na hita ikawaka. Matundu yalikuwa yamezibwa na chumvi nyeupe ya maji ya kisima. Kichwa kililowekwa kwenye siki usiku kucha, basi. Kama bila kichwa bado maji ni machache, safisha chujio la maji yanapoingilia, kisha angalia kimo cha tangi: kila mita moja inaongeza takribani bar 0.1 tu ya presha.

Wapo mafundi wanaoiruka swichi hiyo kwa waya "ili iwake tu". Tunakataza kabisa. Maji yakikatika, na mjini hapa yanakatika, koili inaendelea kuwaka pakavu. Anayegusa nyaya za hita awe na leseni ya EWURA.

Anayeleta malalamiko aje na risiti, picha ya kibati cha hita chenye modeli na kilowati, na idadi ya sekunde za kujaza lita moja, mara moja kukiwa na kichwa cha shawa na mara moja bila hicho. Fomu isiyo na sekunde hizo hurudishwa. Hita iliyofunguliwa na kurukwa swichi hatuipokei, hata kama garantii haijaisha.