Hukulisoma jina, umelitambua tu

Wiki hii tena. Mteja wa Mbagala kanitumia picha ya boksi la pasi aliyoiona dukani Kariakoo, chini yake kaandika: "Kaka, hii ni orijino, jina nimelisoma mwenyewe." Kazi yangu ni kukagua mizigo ya vifaa vya umeme kabla wauzaji hawajailipia, na hakuna sentensi inayonichosha kama hiyo.

Hukulisoma. Mtu aliyeizoea chapa hasomi herufi moja moja. Anaona rangi ya buluu, urefu wa neno, herufi ya kwanza na ya mwisho, kisha kichwa kinajaza zilizobaki. Watengeneza feki wanalijua hilo, ndiyo maana mwanzo na mwisho hawavigusi. Wanachezea katikati.

Boksi lile lilitakiwa liandikwe PHILIPS. Herufi saba, na L iko katikati kabisa: tatu mbele yake, tatu nyuma yake, na kila upande wake kuna I. Nilipoikuza picha nikaona kitu kama PHLIIPS. Herufi ni zilezile, idadi ileile, urefu uleule. L na I ya kwanza zimebadilishana nafasi, basi. Ukihesabu herufi tu, imekupita.

Hapo ndipo watu wanapokosea: wanakodolea macho ule wino. Picha ikiwa na ukungu, mguu wa L unafifia na vijiti vyote vinafanana. Mimi natafuta nafasi nyeupe. Juu ya mguu wa L kuna uwazi ambao I haina. Kwenye jina la kweli, uwazi huo unakuja baada ya kijiti cha pili kati ya vile vitatu vinavyofuata H. Kwenye boksi lile ulikuja baada ya kijiti cha kwanza, halafu vijiti viwili vikafuata vimebanana. Hata herufi zikififia, mara nyingi uwazi huo bado unaonekana.

Mara nyingi, si kila mara. Picha ya kwanza ya mteja wangu alikuwa amepiga rafu nzima ya duka. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana, upande mrefu ukabaki na pikseli kama 1,600. Jina likichukua sehemu moja ya arobaini ya upana huo, linapata pikseli 40. Gawanya kwa herufi saba: hazifiki sita kwa kila herufi, pamoja na nafasi zake. Hapo hata mimi nakisia. Kukuza picha hakuongezi herufi, kunakuza ukungu. Nikamwambia asogee, asimame mbele ya boksi na si kwa pembeni, jina lijaze kioo cha simu, plastiki ya boksi isipigwe na taa, na aitume kama faili badala ya picha.

Kuna kosa la upande wa pili, na hili linaniudhi zaidi kwa sababu linamharibia jina muuzaji mwaminifu. Fundi anashika boksi halali na kusema, "Feki hii, orijino ina L mbili." Haina. Phillips yenye L mbili ni jina la bisibisi ya nyota, linatokana na Mmarekani Henry Phillips, wala halihusiani na kampuni ya Uholanzi. Ni hivyohivyo kwa simu za TECNO: hazina H, na anayeidai H anadai feki. Kabla hujahukumu, fungua tovuti ya kampuni, uweke jina lao chini ya lile la kwenye picha. Usiitegemee kumbukumbu yako. Mimi mwenyewe niliwahi kukataa katoni ya balbu halali kwa sababu ubavuni iliandikwa Signify. Sikujua kwamba kampuni ya taa za Philips ilichukua jina hilo mwaka 2018, huku balbu zikiendelea kuitwa Philips. Nilimrudia muuzaji nikamwomba radhi.

Na tahajia haina uzito sawa pande zote mbili. Herufi moja iliyokosewa kwenye jina la chapa inanitosha kukataa mzigo, mradi nimeiona vizuri. Herufi zote zikiwa sawa, sijathibitisha chochote, maana feki nzuri inajua kuandika. Hapo picha imefika mwisho wake, nataka nilishike boksi na bidhaa yenyewe mkononi.

Picha ya pili ya mteja ilifika jioni, imenyooka na jina limejaa kioo. Uwazi ulikuwa baada ya kijiti cha kwanza. Nikamkatia kipande cha herufi tatu tu, L, I na I, nikamrudishia bila maelezo. Akajibu: "Kaka, nimeliangalia boksi hili mara tatu."

Pasi hakuinunua.