Je, wajua? Mtoto anayegeuka buluu na moyo wenye kasoro nne

"Mtoto wa mdogo wangu ana miezi minne, tuko Kisauni. Akiamka asubuhi akilia sana, midomo inageuka buluu, anahema mbiombio, halafu analegea. Nyanya yake anasema ni degedege. Hospitali wametwambia moyo una kasoro nne na atahitaji operesheni. Kwa nini hiyo rangi ije na kwenda, na operesheni itabadilisha nini hasa?"

Kasoro zinahesabiwa nne, lakini chanzo chake ni kimoja. Upande wa kulia wa moyo hupokea damu iliyokwisha oksijeni na kuisukuma mapafuni. Upande wa kushoto hupokea ile iliyotoka mapafuni na kuisambaza mwilini kupitia mshipa mkuu, aota. Kati ya pande hizo mbili kuna ukuta. Moyo unapojengwa, katika wiki 8 za mwanzo za mimba, kipande kidogo cha ukuta huo kilicho juu, karibu na milango ya kutokea damu, huegemea mbele kupita kiasi. Kwa kuegemea hivyo, kinaibana njia ya kwenda mapafuni. Kwa kutofika mahali pake, kinaacha tundu ukutani. Aota nayo inajikuta imekaa juu ya tundu hilo, ikichota damu ya pande zote mbili. Na misuli ya chumba cha kulia, kwa kusukuma kila siku dhidi ya njia iliyobana, inanenepa. Hali hii inaitwa tetralojia ya Fallot, kwa jina la Étienne-Louis Fallot, daktari wa Marseille aliyeieleza mwaka 1888. Mamake mtoto asijilaumu kwa alichokula au alichokiona akiwa mjamzito. Wakati kipande kile kinakwenda upande, wengi hata hawajaanza kliniki.

Sasa rangi. Chukua mpira wa maji uliogawanyika matawi mawili, ukibana tawi moja maji yanakimbilia la pili. Tawi la kwanza hapa ni njia ya mapafuni, la pili ni aota. Mtoto akiwa ametulia, damu ya kutosha hupita ile njia nyembamba, ikapata oksijeni, na midomo ikawa na rangi yake. Lakini njia hiyo imezungukwa na misuli, na misuli hujikaza. Mtoto akilia, akinyonya kwa nguvu, akijikamua kupata choo, au akiamka tu asubuhi, moyo unakwenda mbio na misuli ile inakaza. Wakati huo huo mishipa ya mwili inaweza kulegea, hasa akiwa na joto au amepungukiwa na maji. Tawi la mapafu limebanwa, tawi la mwili limefunguka. Damu isiyo na oksijeni inapita kwenye tundu moja kwa moja hadi kwenye aota bila kufika mapafuni.

Mwili ukihisi oksijeni imeshuka unaamrisha kuhema kwa nguvu zaidi, na kuhema kule kunavuta damu nyingi zaidi kurudi upande wa kulia, ambako mlango umebanwa. Basi hali inajilisha yenyewe. Ndiyo maana haiishi kwa mtoto kunyamaza tu, na ndiyo maana huishia kulegea, wakati mwingine kuzimia au kupata mtukutiko wa kweli. Nyanya hakukosea kuona kitu kinachofanana na degedege. Ila degedege la homa huja na joto la mwili, na rangi haitangulii. Kuna pia watoto wazima wa moyo wanaolia hadi pumzi ikakatika na uso ukawa buluu. Hao, ukiwaangalia kifua, hawapumui. Wa Fallot anahema, tena kwa kina na haraka.

Jambo moja huwashangaza hata wanafunzi wa udaktari. Ule mvumo unaosikika kifuani kwa mtoto huyu hautoki kwenye tundu, unatoka kwenye njia iliyobana. Wakati wa tukio la buluu, mvumo hupungua au hupotea kabisa, kwa sababu karibu hakuna damu inayopita pale. Kwa hiyo moyo ulionyamaza ghafla si dalili njema.

Mtoto akianza kubadilika, mlaze chali umkunjie magoti mpaka yaguse kifua, au mbebe begani huku magoti yake umeyakunja chini ya tumbo lake. Shikilia hivyo, mbembeleze, na watu wapungue chumbani. Kukunja kule kunabana mishipa mikubwa ya miguu, yaani tawi la mwili, na damu inalazimika kurudi kwenye njia ya mapafu. Usimmwagie maji usoni, usimnusishe kitunguu, usimpe kitu mdomoni. Asiporudi katika dakika chache, au akilegea, ni hospitali, huku magoti bado yamekunjwa. Huko atapewa oksijeni, morfini kidogo ya kumtuliza, maji ya mshipani, na pengine propranololi ya kulegeza ile misuli.

Watoto wakubwa ambao hawajafanyiwa operesheni hugundua dawa hii wenyewe. Utamkuta wa miaka mitano anakimbizana na wenzake kwenye vichochoro vya Majengo, ghafla anachutama, magoti kifuani, dakika moja mbili, kisha anaendelea. Ukimtazama vidole, ncha zimenenepa na kucha zimebinuka. Walimu hudhani ni uvivu. Mimi nikimwona mtoto anayechutama kila baada ya mbio, ningeomba apimwe moyo kabla ya kuambiwa neno jingine lolote.

Rangi yenyewe inaweza kutudanganya, na hapa Pwani inatudanganya sana. Kwenye ngozi yetu buluu haionekani kwa urahisi usoni. Itafute ndani ya midomo, kwenye ulimi na ufizi, mchana penye mwanga wa dirisha. Pili, buluu huonekana pale damu inapokuwa na takriban gramu 5 za hemoglobini isiyo na oksijeni katika kila desilita. Mtoto mwenye hemoglobini ya 17 ambaye asilimia 30 yake haina oksijeni ana gramu 5.1, na utamwona. Mwenzake mwenye upungufu wa damu, hemoglobini 9, na asilimia ile ile 30, ana gramu 2.7 tu. Ataonekana amepauka, si buluu, ilhali oksijeni inayomfikia ni karibu nusu ya ile ya mwenzake. Malaria na ukosefu wa madini ya chuma vinatosha kumficha mtoto wa namna hii. Tena upungufu wa chuma wenyewe huzidisha matukio. Kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni humfichua kwa muda mfupi, maana kinasoma asilimia, hakitazami rangi. Kikisoma 75 au 80 kwa mtoto aliyetulia, hata kama midomo inapendeza, anahitaji eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Na sasa operesheni. Mwaka 1944, huko Baltimore, Marekani, daktari wa upasuaji Alfred Blalock, daktari wa moyo wa watoto Helen Taussig na fundi wa maabara Vivien Thomas walianza na njia ya mkato. Hawakuugusa moyo, waliunganisha mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu ili damu zaidi ifike kwenye oksijeni. Njia hiyo bado hutumika kwa mtoto mdogo mno, au mwenye mishipa ya mapafu myembamba mno, kumvusha mpaka awe tayari. Marekebisho kamili yalifanywa mara ya kwanza mwaka 1954 na daktari wa upasuaji C. Walton Lillehei huko Minnesota, Marekani.

Siku hizi kifua hufunguliwa katikati, damu ikapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na moyo ukasimamishwa. Daktari hushughulikia kasoro mbili tu. Anakata misuli inayobana njia ya mapafu, na anaziba tundu kwa kiraka. Kiraka hicho hushonwa kwa mshazari, hivi kwamba aota iliyokuwa imepanda tundu inabaki yote upande wa kushoto, ndiyo kasoro ya tatu hiyo. Ya nne, unene wa misuli, hupungua polepole, kwa kuwa hakuna tena cha kusukuma dhidi yake. Mtoto aliyeingia chumba cha operesheni akiwa na oksijeni ya asilimia 75 mara nyingi hutoka na zaidi ya 95, na rangi ya kucha inabadilika siku ile ile.

Tofauti katika maisha ni kubwa mno. Bila operesheni, ni takriban robo tu ya watoto hawa wanaofika miaka 10. Wanaobaki husumbuliwa na damu nzito inayoweza kuziba mishipa ya ubongo, na majipu ya ubongo, kwa sababu vijidudu vinavyopita kwenye tundu havichujwi na mapafu. Kwenye vituo vyenye uzoefu, zaidi ya 95 kati ya 100 wanaofanyiwa operesheni hunusurika, na wengi mno wao wako hai miaka 30 baadaye, wanasoma, wanafanya kazi, wanazaa. Wakati unaopendelewa ni kati ya miezi 3 na 12. Aliyechelewa hadi miaka minne au kumi bado hufanyiwa na hufaidika. Familia nyingi za Mombasa huanzia hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, kisha hutumwa Nairobi, ambako Kenyatta na Mater hufanya operesheni za moyo za watoto.

Kungoja foleni ndiko kunakotia hofu. Kama mtoto ameandikiwa propranololi ya nyumbani, isirukwe, na kama mtoto hanyonyi au anatapika, muulize daktari mapema, maana dawa hiyo bila chakula inaweza kushusha sukari. Kuhara ambako kwa mtoto mwingine kungengoja kesho, kwake ni haraka, hasa joto la Februari na Machi. Mpe maji ya chumvi na sukari tangu choo cha kwanza na umpeleke akaonwe siku hiyo hiyo. Chuma apewe kwa kipimo cha daktari.

Lakini "amepona" si neno ninalolipenda hapa. Kwa watoto wengi, pete ya vali ya mapafu, ule mlango unaozuia damu isirudi nyuma, yenyewe ni nyembamba mno, na daktari hulazimika kuikata na kuipanua kwa kiraka. Njia inafunguka, ila vali haifungi tena, na damu hurudi nyuma kila pigo. Mtoto havisikii hivyo. Anacheza, anakua, na kwa miaka mingi chumba cha kulia kinatanuka kimyakimya. Miaka ya ujana au utu uzima huanza kuchoka upesi, au moyo kupiga ovyo, na wengine huhitaji vali mpya, ambayo siku hizi kwa baadhi yao huingizwa kupitia mshipa wa paja bila kufungua kifua tena. Anayeacha kliniki kwa sababu kovu limepona hugundulika chumba kikiwa kimetanuka kupita kiasi cha kurudi. Kabla ya kutoka wodini, ombeni karatasi inayosema kama pete ya vali ilikatwa au la, kwa sababu daktari atakayemwona akiwa na miaka 20 ataliuliza hilo kwanza.